Nani Aliyempeleka Mtoto Tuisheni?

Leo nazungumza zaidi na vijana wanaofanya utafiti wao wa kwanza, iwe ni tasnifu ya chuo au kazi ndogo waliyopewa ofisini. Hata hivyo, mzazi usizime redio, kwa sababu mfano nitakaoutumia unagusa pochi yako.

Pita Mwenge mwendo wa saa kumi jioni. Utawaona watoto wa shule za msingi, sare bado mwilini, hawaelekei nyumbani. Wanaingia vichochoroni, kwenye vyumba vya uani na vibaraza vilivyoezekwa bati, ambako kuna ubao mweusi, mabenchi na mwalimu mwenye chaki. Ni tuisheni. Utaikuta Mwenge, utaikuta Sinza, utaikuta Mbagala kule Temeke. Wazazi wanailipia kwa wiki au kwa mwezi, na ukiwauliza kwa nini, jibu ni moja: mtoto anayekwenda tuisheni anafaulu.

Sasa tumchukue kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye ili afike chuoni anapita hapo hapo Mwenge kila siku. Nisieleweke vibaya: kijana huyu nimemtunga, na tarakimu zake nimezitunga, ili hesabu iwe nyepesi kuifuata kwa sikio. Amepewa ruhusa ya kwenda katika shule za Kinondoni. Anagawa hojaji kwa wanafunzi 200 wa darasa la saba. Kati yao, 100 wanakwenda tuisheni na 100 hawaendi. Matokeo ya mtihani yanapotoka, anahesabu waliofaulu. Katika wale 100 wa tuisheni wamefaulu 68. Katika wale 100 wasiokwenda wamefaulu 47.

Tofauti ni wanafunzi 21 kwa kila mia. Kijana anafurahi. Anakwenda kwa mtu wa stationari anayejua SPSS, wanaingiza data, kompyuta inatoa namba 0.003, ambayo ni ndogo kuliko ile 0.05 aliyofundishwa darasani. Basi anaandika katika sura ya nne: tuisheni imeongeza ufaulu kwa asilimia 21. Katika sura ya tano anapendekeza serikali iwahimize wazazi wote wapeleke watoto tuisheni.

Hesabu yake ni sahihi. Sentensi yake si sahihi. Na huyu si mzembe, ndiyo maana nataka tukae naye kidogo.

Ile 0.003 inamwambia kitu kimoja tu: kwamba kama ufaulu wa makundi haya mawili ungekuwa sawa kule mitaani, ingekuwa vigumu sana kupata tofauti kubwa hivi kwa bahati tu katika watoto 200. Kwa hiyo tofauti ipo. Uhusiano upo. Lakini namba hiyo haisemi hata neno moja kuhusu kilicholeta tofauti. Kompyuta haijui tuisheni ni nini. Ungeweka mahali pa tuisheni rangi ya geti la nyumbani kwa mtoto, ingepiga hesabu ileile kwa utulivu uleule.

Kilicholeta tofauti kinatafutwa kwa swali ambalo kijana hakuuliza: nani aliyempeleka mtoto tuisheni? Au tuseme hivi, watoto hawa 100 waliingiaje katika kundi la tuisheni, na wale 100 wengine walibakije nje?

Tumrudishe shuleni aulize swali moja la nyongeza. Amuulize kila mtoto: nyumbani kuna mtu mzima anayekagua madaftari yako kila jioni? Tuseme majibu yanatoka hivi. Wanafunzi 100 wana mkaguzi nyumbani na 100 hawana. Ila hawakugawanyika sawasawa. Katika wale wa tuisheni, 80 wana mkaguzi nyumbani na 20 hawana. Katika wasiokwenda tuisheni ni kinyume chake: 20 wanaye, 80 hawana. Haishangazi. Mzazi anayekagua daftari ndiye huyo huyo anayetafuta fedha ya tuisheni.

Chukua kalamu kama unayo karibu. Sasa tuhesabu ufaulu upya, kila aina ya nyumba peke yake. Tuanze na watoto wenye mkaguzi nyumbani. Wale 80 wa tuisheni, wamefaulu 60. Hiyo ni asilimia 75. Wale 20 wasiokwenda tuisheni, wamefaulu 15. Hiyo nayo ni asilimia 75. Twende kwa wasio na mkaguzi. Wale 20 wa tuisheni, wamefaulu 8, yaani asilimia 40. Wale 80 wasiokwenda, wamefaulu 32. Asilimia 40 tena.

Jumlisha mwenyewe: 60 na 8 ni 68. 15 na 32 ni 47. Ni zile zile tarakimu za mwanzo, hakuna mtoto aliyeongezwa wala kupunguzwa. Ila ile tofauti ya 21 imeyeyuka yote. Ukimlinganisha mtoto na mwenzake wa nyumba ya aina moja, tuisheni haijamwongezea chochote. Kilichokuwa kinatenda kazi ni nyumba, na nyumba ile ile ndiyo iliyokuwa ikimpeleka mtoto tuisheni. Jambo la tatu lilivuta kamba mbili kwa pamoja, nasi tukadhani kamba moja inaivuta nyingine.

Nimezipanga tarakimu ziwe safi mno, nakubali. Katika data za kweli tofauti hupungua, mara chache hufutika kabisa. Na inaweza kwenda upande mwingine. Kuna wazazi wengi ambao hawafikirii tuisheni mpaka mtoto aanze kuanguka. Anapata alama mbaya muhula wa kwanza, ndipo baba anasema huyu atafutiwe mwalimu. Katika shule yenye wazazi wa namna hiyo, kijana wetu angekuta wanaokwenda tuisheni wana alama za chini kuliko wasiokwenda, na kwa mantiki yake ile ile angeandika kwamba tuisheni inawaharibu watoto. Kumbe alama mbaya ndizo zilizowapeleka tuisheni. Matokeo yametangulia, kinachodhaniwa kuwa chanzo kimefuata.

Na kuongeza idadi ya hojaji hakumwokoi. Hili nalisema kwa sababu ndilo jibu la haraka la wanafunzi wengi: basi nitachukua sampuli kubwa zaidi. Ukiwauliza watoto 2,000 badala ya 200, wenye kukaguliwa madaftari wataendelea kujaa upande wa tuisheni kwa uwiano ule ule. Utapata kosa lile lile, safari hii likiwa na uhakika mkubwa zaidi.

Nadhani sasa msikilizaji mwerevu anasema: dawa si tumeiona? Uliza kuhusu nyumba, gawa makundi, maliza. Uliza na kipato, na elimu ya mama, na umbali wa shule. Viweke vyote katika SPSS. Ndivyo inavyofundishwa, na ni hatua nzuri. Lakini inatosha pale tu unapokuwa umelipima kila jambo la tatu lenye uzito. Na hapa tuna kisa cha kweli cha jirani zetu Kenya, ambacho kwa maoni yangu kila mtafiti mpya wa Afrika Mashariki angekisoma kabla ya kugawa hojaji yake ya kwanza.

Ni kisa cha chati za kufundishia, zile karatasi kubwa zilizofungwa pamoja juu, mwalimu anafunua moja baada ya nyingine mbele ya darasa. Miaka ya 1990, huko Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, vitabu vilikuwa haba na wanafunzi wengi. Chati ilionekana suluhisho la busara: moja inaonwa na darasa zima, na hata asiyejua kusoma vizuri anaona picha. Watafiti wanne, Paul Glewwe, Michael Kremer, Sylvie Moulin na Eric Zitzewitz, walitaka kujua kama kweli zinasaidia. Kremer alikuwa na uzoefu wa eneo hilo, kwani aliwahi kufundisha sekondari kule Kakamega alipokuwa kijana.

Kwanza walifanya kama kijana wetu. Walichukua shule zilizokuwa tayari na chati na zisizokuwa nazo, wakalinganisha alama za mitihani katika masomo ambayo chati hutumika. Shule zenye chati zilikuwa juu. Makadirio yao yalifika hadi sehemu ya tano ya mchepuko wa kawaida. Kwa lugha ya darasani, ni kama kumchukua mtoto anayewashinda wenzake 50 katika 100 na kumsogeza hadi awashinde kama 58. Kwa karatasi za kuning'iniza, hayo ni mafanikio makubwa.

Kisha wakafanya ile hatua nzuri niliyoitaja. Waliingiza katika hesabu vifaa vingine ambavyo shule inavyo, wakijua kwamba shule yenye chati huenda ina vitabu zaidi au madawati zaidi. Makadirio hayakushuka. Hapa ndipo wengi wetu tungefunga kazi. Tumeuliza, tumegawa makundi, tumesafisha data, uhusiano bado umesimama. Nani angekulaumu kwa kuandika kwamba chati zinaongeza ufaulu?

Wao hawakufunga. Zilichukuliwa shule 178, na nusu yake, yaani 89, zikapewa chati kwa kuchaguliwa kwa bahati nasibu. Hakuna mwalimu mkuu aliyeomba. Hakuna kamati ya wazazi iliyochangisha. Baada ya hapo wakalinganisha alama za shule zilizopata na zile ambazo hazikupata. Hawakuona ushahidi wowote kwamba chati zilipandisha alama.

Sasa ile sehemu ya tano ya mchepuko ilitoka wapi? Fikiria ni shule gani huwa na chati kabla mtafiti hajafika. Ni ile ambayo mwalimu mkuu wake anagonga milango ya wafadhili, au yenye wazazi wanaohudhuria mikutano na kuchanga, au yenye walimu wanaokaa usiku wakichora chati wenyewe. Shule ya namna hiyo watoto wake wangefaulu zaidi hata kama ukuta ungebaki mtupu. Na bidii ya mwalimu mkuu haina safu yake katika jedwali la data. Unaweza kuhesabu madawati, vitabu na madirisha, lakini roho ya kutafuta huwezi kuihesabu kwa kupita na hojaji siku moja. Ndiyo maana kuongeza vifaa vingine katika hesabu hakukupunguza kitu. Walichokidhibiti hakikuwa kile kilichokuwa kikitenda.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2004. Mwaka 2019 Kremer alipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa kazi yao ya kutumia majaribio ya namna hii kupunguza umaskini. Kwa hiyo sehemu ya msingi wa tuzo hiyo imo katika madarasa ya vumbi ya Busia, jambo ambalo sisi wenyewe hatulisemi vya kutosha.

Uzito wa bahati nasibu uko hapa: inanyang'anya kila mtu uamuzi. Mzazi haamui, mwalimu haamui, mtoto haamui, hata mtafiti haamui. Wenye bidii na wasio na bidii wanagawanyika pande zote mbili bila mtu kuwapanga, pamoja na mambo yote ambayo hukuyapima na mengine ambayo hujawahi kuyafikiria. Baadaye ukiona tofauti, unajua kilichoanza kuwatenganisha ni kile ulichokigawa.

Je, kijana wetu wa Mwenge anaweza kufanya hivyo bila fedha za wafadhili? Mara nyingine anaweza. Tuseme kuna kituo cha tuisheni chenye nafasi 30 na watoto 60 wameomba. Badala ya kupokea wa kwanza kufika, ambao kwa kawaida ni wa wazazi wenye bidii zaidi, mwenye kituo akubali majina yaandikwe kwenye vikaratasi, yachanganywe, yatolewe 30. Waliobaki waahidiwe nafasi muhula unaofuata, ili asiwepo mtoto aliyenyimwa moja kwa moja. Wazazi waelezwe na waridhie. Kabla ya yote, watoto wote 60 wafanye jaribio moja, na mwisho wa muhula jaribio lingine.

Ila kuna mahali pa kuteleza. Wiki ya tatu watoto kadhaa wataacha kuja. Mtafiti mpya hupenda kuwaondoa katika hesabu, au mbaya zaidi, kuwahamishia kundi la wasiosoma tuisheni. Usifanye hivyo. Wanaoacha si wa kubahatisha. Mara nyingi ni wale wenye shida nyumbani, na ukiwatoa umerudisha mlangoni yule mgeni uliyemfukuza dirishani. Kila mtoto ahesabiwe katika kundi ambalo kikaratasi kilimweka, awe amemaliza au hakumaliza. Pia watoto wa mtaa mmoja hukopeshana madaftari. Aliyekosa nafasi anaweza kuwa anasoma maelezo ya tuisheni kila usiku kwa jirani, na tofauti kati ya makundi ikapungua ingawa tuisheni inafanya kazi. Na watoto 30 kwa 30 ni wachache. Athari ndogo itakupita bila kuiona. Kutoona tofauti katika watoto 60 si uthibitisho kwamba haipo.

Nisije nikakuacha na fikra kwamba kila uhusiano ni hadaa. Upande wa afya tuna kisa kilichokwenda kinyume. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walilinganisha ramani za Afrika wakaona kwamba sehemu ambazo wanaume wengi hawatahiriwi ndizo zenye virusi vya ukimwi zaidi. Wapinzani walikuwa na hoja nzito, tena ni hoja ile ile ya tuisheni: wanaotahiriwa wengi wao wanatahiriwa kwa sababu ya dini au mila, na dini inakwenda pamoja na kutokunywa pombe, na desturi nyingine za ndoa. Huenda kinga ni mwenendo, si tohara. Kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kulimaliza suala hilo kwa kulinganisha ramani.

Lilimalizwa kwa bahati nasibu. Kisumu walijitolea vijana 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24, wote wakiwa tayari kutahiriwa. Wengine walipangiwa kutahiriwa mara moja, wengine wasubiri. Jaribio jingine kubwa likaendeshwa Rakai, Uganda. Desemba 2006 yote mawili yalisimamishwa kabla ya muda, kwa sababu waliotahiriwa walikuwa wakipata maambukizi kwa takriban nusu ya wenzao, na haikuwa haki tena kuwasubirisha waliobaki. Kampeni za tohara zilizofika Iringa, Njombe na mikoa mingine hapa kwetu zimetokana na matokeo hayo. Zile ramani, kumbe, zilikuwa zimeelekeza mahali sahihi. Lakini asingekuwepo wa kulijua hilo kwa kuzitazama tu. Uhusiano wa chati na uhusiano wa tohara ulionekana sawa kwenye karatasi. Mmoja ulianguka, mwingine ukasimama.

Kabla sijamaliza, kuna mfano mmoja wa hapa nyumbani wa kosa lile lile. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora. Wapo waliolalamika. Mimi sikuikosa orodha ile. Shule nyingi zilizokuwa zikikaa juu huwapima watoto kwa mitihani ya kujiunga kabla ya kuwapokea, na mzazi aliyesoma orodha hakuweza kujua kama shule ile inafundisha vizuri au inachagua vizuri.

Ndugu mtafiti, kama huna uwezo wa kupiga kura ya vikaratasi, bado tasnifu yako ina thamani, ilimradi useme ulichokiona. Andika kwamba wanafunzi waliokwenda tuisheni walifaulu zaidi ya wasiokwenda, kisha eleza wazi ni mambo gani hukuyapima. Usiandike kwamba tuisheni iliwafaulisha, na lile pendekezo kwa serikali liondoe. Na kama hojaji yako bado haijaenda kwa mchapaji, ongeza maswali mawili kesho asubuhi: nani aliamua mtoto huyu aende tuisheni, na alama zake zilikuwa ngapi kabla hajaanza kwenda.